Nyumba Inazunguka Unapogeuka Kitandani

Somo kwa wamama wa kliniki



Je, jambo hili limekwisha kukupata? Umelala vizuri, wala huna homa. Usiku wa manane mtoto analia, nawe unageukia upande wa kuume ili umnyonyeshe. Mara moja nyumba yote inazunguka. Dari linakimbia, kitanda ni kama kinapinduka, unakamata matela kwa mikono miwili, na kichefuchefu kinakushika. Unafunga macho. Lakini kabla hujahesabu mpaka 60, imekwisha. Unalala kimya, na yote yako sawa. Kisha unageuka tena, na inaanza tena.

Wamama wengi wanaopatwa hivyo wanafikiri kwamba ndiyo mwanzo wa kupooza, ao kwamba tansio imepanda, ao kwamba ni malaria ya kichwa. Wengine wanaambiwa na jirani kwamba ni ulozi. Katika somo hili tutatazama ugonjwa mmoja tu, ule wa sikio la ndani, ambao unazungusha kichwa wakati wa kugeuka kitandani. Tutaona unatoka wapi, jinsi ya kuutambua, jinsi ya kuuondoa kwa kugeuza kichwa kwa utaratibu, na dalili zipi zinaonyesha kwamba si ugonjwa huu, na kwamba lazima ukimbilie hospitali.

MAMA ALIYELALA AKIKETI

Mwaka mmoja, wakati wa mvua, mama mmoja wa hapa Dilala alileta mjukuu wake siku ya kupima watoto. Alikuwa na umri wa miaka 54. Mtoto alikuwa mzima na kilo zake zilikuwa nzuri. Lakini huyo mama mkubwa alishika ukuta alipotembea, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Nilimwuliza: «Mama, unalala namna gani?» Akajibu: «Silali, mama mwalimu. Sasa ni usiku wa tisa niko nalala kwa kiti. Nikijilaza tu, nyumba inanizungukia. Niko naogopa kulala, nisiamke.»

Nilimwomba anieleze tangu mwanzo. Alikuwa ameugua homa ya matumbo, na alilala siku 12, karibu siku zote kwa upande wa kuume, uso kwa ukuta. Alipopona, asubuhi ya kwanza alipogeuka ili aondoke kitandani, kizunguzungu kilimkamata. Watu wa nyumba walinunua dawa za malaria bila kupima damu. Haikusaidia. Kisha alitundikiwa serum ya kwinini. Sasa masikio yakaanza kulia kama nyuki, na kichwa kikazidi kuwa kibaya, kwani kwinini yenyewe inaweza kuleta kelele masikioni na kizunguzungu. Mwisho shemeji yake alimpa vidonge vyake vya tansio. Baada ya vile vidonge alianza kuona giza kila aliposimama. Siku mbili kabla ya kuja kwetu, alipoinama juu ya mbabula ili apindue bukari, alianguka kando ya moto na mjukuu akiwa mgongoni. Mungu aliwalinda, hawakuungua.

Tazama, mama: ugonjwa wenyewe haukuwa wa kuua. Lakini woga, dawa zisizo zake, na kule kuanguka, hizo ndizo zilikuwa karibu kumwumiza yeye na mtoto.

SABABU YAKE NI NINI?

Ndani kabisa ya sikio, nyuma ya ngoma ya sikio, kuna kiungo kidogo kinachosaidia mtu asianguke. Kina chumba kidogo, na katika chumba hicho kuna vijiwe vingi vidogo sana, kama unga wa chokaa. Kweli ni chokaa. Mungu aliviweka pale ili mwili ujue upande wa chini uko wapi. Kando ya chumba hicho kuna mifereji mitatu iliyopindika kama bangili, imejaa maji. Mtu akigeuza kichwa, maji yale yanasogea, nayo yanaambia ubongo: «Kichwa kinageuka.»

Vijiwe vinapaswa kukaa katika chumba chao. Lakini mara nyingine vingine vinabanduka na kuanguka katika mfereji, zaidi katika mfereji wa nyuma, kwa kuwa huo ndio unaokuwa chini mtu akilala chali. Hapo kazi inaharibika. Ukigeuka kitandani, vijiwe vinaporomoka ndani ya mfereji na kuyavuta maji. Kichwa kimekwisha kutulia juu ya mto, lakini maji bado yanasogea, nayo yanaambia ubongo uongo: «Tunazunguka! Tunazunguka!» Macho yanafuata uongo huo, yanaruka-ruka, na nyumba inaonekana kuzunguka.

Mama aliyeosha mawe ya shaba mtoni ataelewa upesi. Ukitingisha beseni, maji yanakwenda kwanza, mchanga mzito unafuata nyuma, kisha unaketi chini, na beseni linatulia. Ni vivyo hivyo ndani ya sikio. Ndiyo maana kizunguzungu hakianzi palepale unapogeuka, bali kinangoja kidogo, sekunde mbili tatu ao zaidi. Na ndiyo maana kinakwisha chenyewe kabla ya dakika moja: vijiwe vimekwisha kuketi chini.

Vijiwe vinabanduka zaidi kwa watu waliopita miaka 50, na kwa wanawake kuliko wanaume. Vinaweza kubanduka pia baada ya kugonga kichwa, baada ya kulala siku nyingi kwa ugonjwa ao kwa kupasuliwa, na baada ya ugonjwa wa sikio. Mara nyingi hakuna sababu inayoonekana. Si kosa la mama, wala si chakula, wala si mkono wa mtu.

Waganga walijua habari za ugonjwa huu tangu zamani. Munganga Bárány aliuandika mwaka 1921. Mwaka 1952, kule London, Dix na Hallpike walionyesha jinsi ya kuupima kwa kumlaza mgonjwa, kichwa kikigeuzwa upande. Kisha munganga mmoja wa Amerika, jina lake John Epley, alifikiri hivi: kama vijiwe vimeingia kwa njia ya mfereji, basi vinaweza kutoka kwa njia hiyohiyo, kama punje ya muhindi iliyoingia katika tiyo ya mpira. Huwezi kuitoa kwa kuitikisa tu, lakini ukigeuza tiyo pole kwa pole, kona kwa kona, punje inateremka yenyewe mpaka kwenye mlango. Aliandika njia yake mwaka 1992, na leo inatumika katika dunia nzima. Haina sindano, haina kidonge, na haitaki chombo chochote ila kitanda.

UTAUTAMBUAJE?

Wamama wanatumia neno «kizunguzungu» kwa mambo mengi. Kwa hiyo jiulize maulizo manne.

La kwanza: Je, vitu vinazunguka kweli, ao ninaona giza na kutaka kuzimia tu? Ugonjwa wa vijiwe unazungusha. Kuona giza ni jambo lingine.

La pili: Inaanza wakati gani? Ugonjwa wa vijiwe unaanza ukijilaza, ukigeuka kitandani, ukiamka kutoka kulala, ukiinama, ao ukiinua uso kutazama juu, kama vile kutungika nguo kwenye kamba. Lakini ikiwa inaanza unaposimama baada ya kuketi, wala si wakati wa kugeuka ukiwa umelala, fikiri zaidi juu ya upungufu wa damu, kukosa maji mwilini, njaa, ao tansio iliyoshuka. Mama mwenye mimba na mama aliyetoka damu nyingi kwa kuzaa wapimwe damu na tansio.

La tatu: Inakaa muda gani? Ugonjwa wa vijiwe haupiti dakika moja kila mara, hata kama unarudi mara 10 kwa siku. Katikati unaweza kubaki na uzito wa kichwa na kuyumba kidogo, lakini nyumba haizunguki ukiwa umetulia. Kizunguzungu kinachoendelea saa nyingi ukiwa kimya bila kugeuka si cha vijiwe hivi.

La nne: Je, kuna mtu mwingine nyumbani anayeumwa hivyo leo? Kama watu wawili ao watatu wa nyumba moja wanaumwa kichwa, wana kizunguzungu na wanataka kutapika, na mbabula ya makala inawaka ndani, milango ikiwa imefungwa, si sikio. Ni sumu ya moshi usioonekana. Toka nje na watoto wote mara moja, fungua mlango, upeleke watu hospitali. Usiingize mbabula katika chumba cha kulala, hata wakati wa baridi ya mwezi wa 6 na wa 7.

TULIVYOMPIMA MAMA HUYO

Kwanza tulipima tansio, ikawa 12 juu ya 8. Tulitazama ndani ya kope za macho, zilikuwa nyekundu vizuri. Tone la damu halikuonyesha malaria. Alitembea, akagusa pua yake kwa kidole, akasema maneno bila shida, akainua mikono miwili sawasawa.

Kisha tulimketisha juu ya kitanda, miguu imenyooshwa mbele. Mwanafunzi mmoja aliketi karibu ili kumkamata. Tuligeuza uso wake kushoto, nusu ya njia kati ya kutazama mbele na kutazama bega, tukamlaza chali upesi kidogo, kichwa kikiinama nyuma. Tulingoja sekunde 30. Hakuna kitu. Tulimketisha tena, tukageuza uso wake kuume, tukamlaza vilevile. Tulihesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano. Hapo akalia: «Mama! Inaanza!» Macho yake yaliruka-ruka na kuzunguka kidogo. Baada ya sekunde kama 20 yalitulia. Basi tulijua: vijiwe viko katika sikio la kuume. Sikio lililo mgonjwa ni lile linalokuwa chini wakati kizunguzungu kinapoanza.

JINSI YA KUVIRUDISHA VIJIWE

Sasa soma pole pole. Hapa ninaeleza kwa sikio la kuume. Kama sikio lako gonjwa ni la kushoto, geuza kila neno: kuume iwe kushoto, na kushoto iwe kuume.

Mara ya kwanza ni vizuri ufanyiwe kliniki, ili tuhakikishe ugonjwa na upande. Ukiwa nyumbani, usiwe peke yako. Mtoto mchanga ashikwe na mtu mwingine. Weka ndoo karibu, pengine utatapika. Kunja mto ao kikwembe kinene, ukiweke juu ya kitanda mahali ambapo mabega yataangukia, si chini ya kichwa. Hivyo ukilala, kichwa kitakuwa chini kidogo kuliko mabega.

1. Keti kitandani, miguu imenyooshwa mbele. Geuza uso kuume, nusu ya njia kuelekea bega.

2. Uso ukiwa bado umegeuka kuume, lala chali upesi, mabega juu ya mto, kichwa kiguse matela. Kizunguzungu kitaanza. Usiogope, na usiamke. Fungua macho, utazame mahali pamoja. Ngoja mpaka kiishe, kisha hesabu pole pole mpaka 30.

3. Bila kuinua kichwa, kigeuze kutoka kuume mpaka kushoto, nusu ya njia kuelekea bega la kushoto. Mwili ubaki chali. Pengine kitazunguka tena kidogo. Ngoja kiishe, hesabu mpaka 30.

4. Sasa geuza mwili wote, ulale ubavu wa kushoto. Kichwa kigeuke pamoja na mwili na kuendelea, mpaka pua itazame chini kwenye matela. Ngoja kiishe, hesabu mpaka 30.

5. Teremsha miguu kando ya kitanda, upande huohuo wa kushoto, uamke pole pole mpaka kuketi, kidevu kikiinama kidogo kuelekea kifua. Mwenzako akushike mabega, kwani hapa wengine wanavutwa nyuma kwa ghafula. Keti kimya dakika 10 kabla ya kusimama.

Ndiyo yote. Bila kuhesabu zile dakika 10 za kuketi mwishoni, haipiti dakika tano.

KOSA NILILOLIFANYA

Nitakuambia jambo lililotokea siku ile, kwa sababu wengi wanakosea hapohapo. Mara ya kwanza yule mama alipoanza kulia katika hatua ya pili, nilimhurumia. Sikungoja kizunguzungu kiishe. Niligeuza kichwa upesi, kisha mwili, tukamketisha. Tulipompima tena, nyumba ilizunguka kama mbele. Huruma yangu haikumsaidia. Vijiwe vilikuwa bado njiani, nami nilivirudisha nyuma.

Tulimpumzisha, akanywa maji, tukaanza upya. Safari hii nilihesabu kwa sauti, na yeye akahesabu pamoja nami. Kila mahali tulingoja. Katika hatua ya nne alisema: «Inapita, inapita… imeisha.» Baada ya robo saa tulimlaza tena kwa kumpima, uso kuume. Tulihesabu mpaka 30. Macho hayakuruka. Alibaki amelala pale, akitazama dari, kisha akasema: «Haiko nazunguka.» Akalala usingizi juu ya kitanda cha kliniki, na mjukuu wake kifuani.

Kwa hiyo kumbuka makosa matatu yanayozuia kupona: kutongoja, kuinua kichwa kati ya hatua ya pili na ya tatu, na kukosea upande. Kama umefanya vizuri na haikusaidia hata kidogo, mara nyingi ni kwamba upande haukuwa ule, ao vijiwe viko katika mfereji mwingine. Mtu ambaye nyumba inamzunguka kwa nguvu anapogeukia pande zote mbili, macho yakiruka kwa upana kama mtu anayesoma mistari upesi, vijiwe vyake pengine viko katika mfereji wa kando. Hatua hizi tano hazimfai. Aje kliniki, tutampa njia nyingine ya kugeuka.

BAADA YAKE

Unaweza kurudia hatua hizi mara moja mpaka tatu kwa siku, mpaka siku nzima ipite bila kizunguzungu cha kugeuka. Wengi wanapona siku ya kwanza, wengine baada ya siku chache. Mwili unaweza kuyumba kidogo siku mbili tatu, kama mtu aliyeshuka kutoka mtumbwi. Hiyo itapita. Si lazima kulala ukiketi. Lala kama kawaida.

Kwa siku hizo za kwanza, jilinde usianguke. Ukiamka usiku, keti ukingoni mwa kitanda, hesabu mpaka 20, ndipo umchukue mtoto. Usiende chooni gizani bila taa. Usipike juu ya mbabula na mtoto mgongoni. Usipande pikipiki mara tu baada ya zile hatua.

Kuna wamama wasiojua upande wao, ao walio peke yao. Hao wanaweza kufanya zoezi jepesi. Keti ukingoni mwa kitanda. Geuza uso kushoto kidogo, ulale ubavu wa kuume, pua ikitazama juu kidogo. Ngoja sekunde 30, ao mpaka kizunguzungu kiishe. Keti, ngoja sekunde 30. Kisha geuza uso kuume, ulale ubavu wa kushoto vilevile. Fanya mara 5 kila upande, asubuhi, mchana na jioni, kwa juma mbili. Ni njia ya pole pole, inachelewa kuliko ile ya kwanza, lakini inasaidia wengi.

Na dawa? Hakuna kidonge wala serum inayoweza kurudisha vijiwe mahali pao. Dawa za kutuliza kizunguzungu zinaweza kupunguza kutapika kwa siku moja mbili, lakini zikinywewa majuma mengi zinaleta usingizi na kuchelewesha kupona. Usinywe vidonge vya tansio vya mtu mwingine. Lakini kama munganga alikupa wewe vidonge vya tansio, usiviache bila kumwuliza.

Ugonjwa huu unaweza kurudi baada ya miezi ao miaka. Si kwamba haukuponywa, ila vijiwe vingine vimebanduka. Yule mama ulimrudia baada ya miezi mitano. Hakununua dawa, hakulala kitini. Alimwita binti yake, wakaweka mto mahali pa mabega, wakahesabu pamoja. Alikuja kutueleza tu, akicheka.

WASIOFANYA NYUMBANI

Watu hawa wasigeuzwe kichwa nyumbani, bali waje kliniki kwanza: mwenye maumivu makali ya shingo ao aliyeumia shingo, aliyeanguka na kugonga kichwa siku chache zilizopita, aliyewahi kupooza, mwenye ugonjwa wa moyo ambaye hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi, aliyepasuliwa jicho karibuni, na mama mwenye mimba kubwa, kwani kulala chali kunaweza kumzimisha. Yeye tutamsaidia kwa kumweka sawa na kumpima tansio.

DALILI ZA HATARI

Sasa somo lenye uzito kuliko yote. Kama kizunguzungu kinakuja pamoja na moja la mambo haya, usigeuze kichwa, usingoje asubuhi, usianzie kwa duka la dawa. Nenda hospitali kubwa, kama ile ya Mwangeji hapa Kolwezi.

— Kinywa kimepinda, mkono ao mguu mmoja umelegea, maneno yanatoka vibaya, ao unaona kitu kimoja kama viwili.

— Huwezi kusimama ao kutembea hata ukishikwa, ao kizunguzungu hakiachi kwa saa nyingi ukiwa umetulia.

— Kichwa kinauma ghafula kwa nguvu ambayo hujawahi kuijua.

— Homa pamoja na shingo kukaza, ao kuchanganyikiwa.

— Sikio moja limeziba ghafula usisikie, ao linatoa usaha pamoja na kizunguzungu.

— Umezimia, kifua kinauma, ao moyo unapiga ovyo.

— Una mimba ao umezaa karibuni, na kichwa kinauma, macho yanaona nyota, uso na mikono vimevimba, ao tumbo la juu linauma. Hiyo inaweza kuwa tansio ya mimba, ambayo inaleta kifafa na kuua mama na mtoto. Vilevile kama unatoka damu.

— Umeanza dawa ya sindano ya maambukizo ao ya kifua kikuu, na masikio yanalia ao unayumba. Mwambie munganga siku hiyohiyo, kwani sindano nyingine zinaweza kuharibu sikio kabisa.

MAULIZO YA KUKUMBUKA

Mama, wafundishe jirani zako kwa maulizo haya. Wakijibu yote, wamejua somo.

Kizunguzungu cha vijiwe kinakaa muda gani kila mara? Kwa nini kinangoja kidogo kabla ya kuanza? Tutajuaje sikio lililo mgonjwa? Mto unawekwa wapi? Tunangoja nini kabla ya kugeuza kichwa tena? Na dalili zipi zinatutuma hospitali bila kungoja?

Kama hujui vizuri hatua tano, usione haya. Siku ya kupima watoto, mwambie mwuguzi: «Nyumba inanizunguka nikigeuka.» Atakuonyesha kitandani, na atamwonyesha pia yule utakayekuja naye, ili aweze kukushika mabega nyumbani.